Swali Halina Adhabu

Mkurugenzi alianza na jalada. Kabla hata sentensi moja haijaandikwa, alikuwa ameshachagua rangi ya kijani, picha ya embe lililokatwa katikati, na jina la kiwanda kwa herufi za dhahabu. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wametuma mkaguzi, mkaguzi akauliza kitabu cha wafanyakazi kiko wapi, nasi tukatazamana. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya mia moja, na kanuni zake zote zilikuwa zimebandikwa kwenye mlango wa choo.

Tulikuwa tunasindika maembe, nje kidogo ya Mukuyuni. Yalikuja kwa malori kutoka huku kwetu Makueni na kutoka upande wa Kitui, hata Kabati, yakaoshwa, yakachambuliwa mezani, yakamenywa na kukamuliwa rojo. Mimi nilikuwa afisa wa wafanyakazi. Nilizaliwa Kibwezi kwa wazazi wenye duka waliohamia kutoka Murang'a, kwa hiyo Kikamba changu ni cha kununulia na kuuzia tu, na hakuna aliyewahi kuniacha nisahau hilo. Kiswahili ndicho kilichonipa kazi. Wakili wa kiwanda aliandika sera kwa Kiingereza, nami nikapewa nizigeuze, na juu yake niandike utangulizi. Mkurugenzi alisema utangulizi ndio watu watakaousoma. Kurasa nyingine zote, alisema, ni za mkaguzi.

Hapo alisema kweli, na mimi nilijua kwamba utangulizi wa kitabu kama hicho una kazi tatu. Ya kwanza, umkaribishe mtu kwa sauti ambayo ataisikia hadi ukurasa wa mwisho. Ya pili, umwambie kitabu chenyewe kina uzito gani. Ya tatu, umwalike aulize. Mkurugenzi alikuwa amejaribu kuuandika mwenyewe, na zote tatu alizimaliza kwa mistari miwili. Kitabu hiki ndicho sheria ya kiwanda, aliandika. Mwenye swali, mlango uko wazi.

Nilicheka mpaka nikalazimika kwenda kunywa maji. Wakili alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba mlango wa uongozi uko wazi kwa kila mtu, na mkurugenzi akayafasiri neno kwa neno, kwa moyo safi kabisa. Alichosahau ni kwamba maneno hayohayo alikuwa akiyasema kila wiki uani. Mtu akilalamika glovu zimetoboka, mlango uko wazi. Mtu akiomba ruhusa ya kwenda matangani, mlango uko wazi. Pale kwetu hakuna asiyejua maana yake: beba mkoba wako uende. Nilimweleza kwamba kwa Kiingereza mlango huo hufunguliwa mtu aingie, lakini kinywani mwake yeye hufunguliwa mtu atoke.

Aliumia. Lazima nimpe haki yake, aliumia kweli, kwa sababu alijiona mtu mwema. Kisha akacheka, akaniambia niandike nitakavyo mradi niwahi kwa mpiga chapa.

Niliandika kama mtu aliyefunguliwa pingu. Nilisema karibu, kazi yako ina maana, na hapa utaheshimiwa. Nikasema kitabu hiki si mkataba wako wa ajira. Kinaeleza sera za kiwanda, na sera zaweza kubadilika, ila zikibadilika utajulishwa kwa maandishi kabla. Nikasema pale ambapo kitabu kinapingana na mkataba wako au barua yako ya kuajiriwa, barua ndiyo inayofuatwa, na sheria ya nchi iko juu ya vyote viwili. Nikasema sahihi utakayoweka mwishoni inaonyesha kwamba umekipokea na kukisoma tu, si kwamba umekubali mkataba wako ubadilishwe. Hayo yote wakili aliyapitisha bila kugusa hata nukta. Halafu nikafika kwenye maswali. Niliandika: Uliza chochote usichoelewa, mbele ya watu au faraghani. Swali halina adhabu.

Nilijivunia sentensi hiyo ya mwisho. Niliisomea mama yangu kwa simu.

Kitabu kilizinduliwa Jumatatu asubuhi ndani ya banda la kuchambulia, kabla ya msimu kupamba moto. Mkurugenzi alivaa suti. Vitabu viligawiwa, watu wakanusa karatasi, wakatafuta picha zao kwenye kurasa za katikati. Nikasoma utangulizi wote kwa sauti. Nilipouliza kama kuna swali, hakuna mkono ulioinuka. Mkurugenzi akasema tena kwamba waulize, wasiogope, leo ni siku yao. Nikaona shingo zinainama. Walikuwa wamemzoea kwa miaka, na jalada la kijani halikuwa limewadanganya.

Alikuwapo mmoja aliyeamini. Ndiye msimamizi wa meza ya uchambuzi, mama wa makamo, mwenye kofia ya buluu ya wasimamizi. Aliingia kiwandani kikiwa bado mabati matupu. Angeweza kukuambia kwa kulishika embe kama limekomaa au limelazimishwa, na wasichana wote wa mezani walifundishwa naye. Wadogo walimwita mwaitu, mama, kama Wakamba wanavyomheshimu mtu mzima. Nyumbani alikuwa na mume aliyepooza upande mmoja. Mchana wifi yake alikuja kumtazama mgonjwa. Jua likizama wifi alirudi kwa watoto wake, na usiku kucha ni yeye peke yake aliyekuwa akimgeuza mumewe ili asioze mgongo. Sote tulijua hayo. Mkurugenzi pia alijua, maana aliwahi kumpelekea blanketi.

Sasa, ndani ya kitabu, kwenye sehemu ya zamu, kulikuwa na sera mpya. Kiwanda kilikuwa kimepata oda kubwa na mashine zingekwenda usiku, na mfanyakazi yeyote angeweza kupangiwa zamu yoyote. Mama yule alikuwa ameusoma ukurasa huo wakati mimi nikisoma utangulizi. Aliinua mkono, akasimama, akavua kofia.

"Barua yangu ya kuandikwa inasema nitafanya mchana," alisema. "Hii kitabu inasema mtu yeyote anaeza wekwa usiku. Sasa kati ya hii kitabu na barua yangu, gani inashinda?"

Lilikuwa swali bora kuliko yote ambayo ningeweza kuombea. Mkurugenzi alinigeukia mimi, uso wake ukiwa mtulivu, akaniashiria nijibu. Nikajibu yale niliyokuwa nimetoka kuyasoma. Barua inashinda. Kama barua yako inasema mchana, kitabu hakiwezi kukuhamishia usiku bila kuzungumza nawe na kukubaliana.

Watu walipiga makofi. Kwanza wachache, halafu banda zima, na nyuso zikaanza kutazamana. Niliona hesabu ikipita vichwani mwao, kwamba hata mimi nina barua, hata yangu imeandikwa mchana. Mkurugenzi aliiona pia. Wale wote wa zamani walikuwa na barua za namna moja, zilizochapwa enzi kiwanda hakina hata taa za kutosha usiku. Nani basi angekamua maembe ya oda yake? Lakini alipiga makofi pamoja nao. Alimshukuru yule mama kwa jina, akasema huo ndio moyo anaoutaka, na akamwomba alete barua yake ofisini kesho ili mambo yanyooke.

Aliileta imekunjwa ndani ya Biblia. Nilikuwapo. Mkurugenzi aliisoma taratibu, akaisoma tena, halafu akatabasamu na kunipa niisome kwa sauti. Zamu: mchana. Hilo lilikuwa wazi. Na juu yake, kwenye nafasi ya kazi, palikuwa pameandikwa mfagiaji.

Ndivyo alivyoanza. Alianza na ufagio, msimu wa kwanza. Kabla msimu haujaisha alikuwa mezani, na mwaka uliofuata mkurugenzi mwenyewe alimvika kofia ya buluu mbele ya watu, akamwambia kuanzia leo meza hii ni yako. Alimwambia kwa mdomo. Hakuna aliyekumbuka kumwandikia, na yeye hakudai, kwa sababu pale kwetu mtu akikuvika kofia mbele ya watu, unamwombaje karatasi? Ungeonekana humwamini.

"Barua inashinda," mkurugenzi alisema. "Basi tufuate barua. Zamu ya mchana utapata, hakuna mtu atakugusa. Na kazi ni ile iko kwa barua."

Mama yule alidhani ni utani. Alicheka kidogo, akanitazama nami nicheke. Kisha mkurugenzi akanyoosha mkono, na ilimchukua muda kuelewa kwamba anaombwa kofia.

Nilibaki ofisini baada ya mama yule kutoka, na nilimwambia mkurugenzi maneno ambayo afisa wa wafanyakazi hamwambii mwajiri. Nilimwambia sheria haiendi hivyo. Kazi uliyompa mtu kwa mdomo, akaifanya kwa miaka na ukamlipa kwayo, imekuwa sehemu ya mkataba wake hata kama hakuna aliyeiandika. Huwezi kumshusha bila kushauriana naye, na huwezi kumshusha kama adhabu bila kumsikiliza kwanza. Yaliyomo kwenye barua yanayomfaa yanabaki. Barua haikupi ruhusa ya kufuta yaliyokuja baadaye. Mkurugenzi alinisikiliza vizuri tu. Akampigia wakili, akaweka simu mezani nisikie. Wakili alisema nilivyosema mimi. Alisema yule mama akishtaki huenda akashinda. Halafu akauliza kwa upole, "Lakini atashtaki?"

Mkurugenzi alikata simu akanitazama. Hakuwa na hasira hata chembe.

"Mshahara wake ni ule ule," alisema. "Saa zake ni zile zile. Uliandika swali halina adhabu, na mimi sijaadhibu mtu. Ama nimeadhibu?"

Nilitaka kumrushia kile kitabu usoni, kwenye kona yake ngumu. Nilikaa nikazishika funguo za droo mpaka zikaniumiza kiganja.

Kesho yake asubuhi yule mama alikuwa chini ya meza yake, akifagia. Meza ya kuchambulia huangusha vitu mchana kutwa, majani, vikonyo, maembe yaliyooza ambayo hutupwa pembeni na kukosa ndoo. Mahali pake alikuwa amewekwa msichana aliyefundishwa na yeye mwenyewe, mwenye kofia ya buluu iliyomlegea kichwani. Nilidhani watu wangesimama upande wake. Nilikuwa bado mjinga wa kiasi hicho. Siku ya kwanza waliona haya. Siku ya pili wakaanza kusema, kwa sauti ya kunong'ona inayokusudiwa isikike, kwamba ulimi umeponza kichwa. Wiki haikuisha wakawa wamempa jina. Walimwita Barua.

Barua, huku kuna maganda. Barua, umesahau hapa. Barua, gani inashinda, ufagio ama uchafu? Na banda zima lilicheka, watu walewale waliompigia makofi, na walicheka kwa nguvu zaidi mkurugenzi alipokuwa akipita. Nimeona watu wakimkatia mwenzao kuni akiwa na msiba, nao ndio walewale. Yule msichana wa kofia mpya ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. Aliangusha vitu makusudi. Nilimwita nikamkemea, akaniambia huku akilia kwamba asipofanya hivyo watasema yuko upande wa Barua, na yeye pia ana barua, na yake inasema kibarua wa siku. Nilimwamini, na nilimchukia palepale.

Barua za wengine zilirudi chini ya magodoro. Hakuna hata mmoja aliyeileta yake ofisini. Zamu ya usiku ilijaa bila kelele, na sahihi zilirudi ofisini kwangu zote, hata ya mama yule.

Nilimfuata nyumbani kwake Jumapili moja baada ya kanisa. Nilikuta amemkalisha mumewe kivulini, anamlisha uji kwa kijiko. Yule mzee alinisalimu kwa upande mmoja wa mdomo, akaniuliza maembe yanaendeleaje, na kama mke wake bado anawatesa wale wasichana wa mezani. Mama akajibu kabla yangu kwamba ndiyo, bado anawatesa. Nikaelewa hajamwambia. Alinisindikiza hadi kwenye boma la mbuzi, na pale nikamweleza kuhusu ofisi ya kazi mjini, kwamba kulalamika huko hakulipishwi, kwamba nitakuwa shahidi wake, kwamba hata wakili wa kiwanda anajua yeye ana haki. Nilizungumza sana. Nilikuwa nimebeba sheria yote kichwani na nilitaka kuimwaga.

Alisubiri nimalize.

"Nikienda huko nitaitwa, nirudi, niitwe tena," alisema. "Na yeye atanipeleka usiku aone kama nitakataa. Kesi nitashinda. Huyu nani atamgeuza nikingoja kushinda?"

Nikamwambia pole. Alinikatiza, bila ukali, kama mtu anayemwondolea mwenzake uzi kwenye nguo.

"Usiniambie pole, mwalimu. Wewe uliniambia ukweli. Hata nikikuuliza tena leo, si utanijibu hivyo hivyo?"

Nilimwambia ndiyo. Akaitika, akasema basi, akarudi kwa mumewe. Aliniita mwalimu kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yao nikiwasomea kitabu, na neno hilo lilinichoma njia nzima hadi barabarani.

Msimu ulipamba moto. Mkaguzi akarudi, akakifungua kile kitabu ofisini, na utangulizi ukamfurahisha kupita kiasi. Aliniuliza nani ameandika. Alisema ameona vitabu vingi vinavyomtisha mfanyakazi, vinavyoficha kama sera ni mkataba au la, lakini hiki kinamweleza mtu wazi na kumkaribisha aulize. Akaomba nakala awaonyeshe viwanda vingine. Mkurugenzi aliniwekea mkono begani. Nje ya dirisha nilimwona mama yule akisukuma ndoo ya maganda kwenda shimoni, amefunga leso kichwani mahali pa kofia. Ningeweza kumwambia mkaguzi hapo hapo. Nilifungua mdomo, na mkurugenzi akanitangulia kwa kumweleza kwamba hapa hatujawahi kuwa na lalamiko hata moja la maandishi, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mwaka uliofuata tuliajiri kundi jipya, wengi wao wasichana wa Mukuyuni na wachache kutoka Kibwezi kwetu. Niliwakusanya bandani kama mkaguzi alivyoagiza, kila mmoja na kitabu chake cha kijani. Safari hii mkurugenzi hakuja. Hakuwa na haja. Nilisoma karibu. Nilisoma kwamba kitabu si mkataba, na kwamba pakitokea mgongano barua ndiyo inayofuatwa. Nilisoma mwaliko, hadi sentensi ile ya mwisho, nikaimaliza.

Msichana mmoja wa mstari wa nyuma aliinua mkono. Alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa, ule wa zamu, na barua yake ya kazi ilichomoza ndani ya kitabu kama alama. Macho yake yalikuwa yananiamini kabisa.

Mama yule alikuwa akifagia kando ya ukuta. Aliegemeza ufagio, akaja nyuma ya msichana, akaushika ule mkono kwenye kifundo na kuushusha polepole hadi ukatulia juu ya kitabu. Akamfungulia ukurasa wa mwisho, akamwekea kalamu vidoleni, akamwonyesha mstari.

"Weka sahihi hapa, mwanangu," alimwambia. "Umesoma vizuri."

Msichana alinitazama mara moja, kisha akaandika jina lake. Nikauliza kama kuna mwingine mwenye swali. Hakuwapo.